Maoni: Si lazima uwe katili

"Wale vijana wa sungusungu hapa Nzega nawafahamu, ni watu wa msikitini na kanisani. Waliwezaje kumchapa bibi mzee hadi akazimia?"

Ndugu, hakuna anayeanza na kumzimisha mtu. Mwaka 1961 Stanley Milgram, wa Chuo Kikuu cha Yale, aliwaweka watu wa kawaida mbele ya mashine yenye swichi 30. Waliambiwa wampige shoti mwanafunzi kila akikosea jibu, kuanzia volti 15, wakiongeza 15 kila mara hadi 450. Shoti zilikuwa za uongo, ila wao hawakujua. Katika jaribio moja, watu 26 kati ya 40 walifika mwisho. Wengi walitetemeka na kulalamika, lakini msimamizi akisema "endelea", waliendelea. Ukishabonyeza 150, utaikataa vipi 165?

Sasa tazama kijijini. Kwanza bibi anaitwa kuhojiwa tu. Kisha anafungwa kamba. Kisha kamanda anaamuru viboko, na anayechapa anajiambia kwamba amri si yake. Tayari bibi haitwi kwa jina lake, anaitwa mchawi, na macho yake mekundu ya moshi wa kuni yamegeuzwa ushahidi!

Milgram alijaribu pia kumwekea mshiriki wenzake wawili waliokataa waziwazi kuendelea. Hapo waliofika 450 walikuwa 4 tu kati ya 40. Kwa hiyo mimi nauliza kuhusu wale waliosimama pembeni usiku ule: kwa nini hakuna hata mmoja aliyesema "mimi sichapi" pale kamba ilipotolewa?