Usimwachie kontabule achague fakitire

Nimeona kaguzi nyingi hapa Lubumbashi zikiharibika kabla karatasi ya kwanza haijafunguliwa. Mkaguzi anaomba fakitire za manunuzi ya mwaka, kontabule anamletea faili mbili nene, safi, kila kitu kimebanwa mahali pake. Mkaguzi anapekua, anatia alama, jioni anarudi nyumbani ameridhika. Kwangu hiyo si kazi. Alichokagua ni zile karatasi ambazo kontabule mwenyewe alipenda zionekane.

Uchaguzi uanze kwenye daftari, si kwenye faili. Chukua orodha yote ya fakitire za watoa mali, hakikisha kwanza jumla yake inalingana na hesabu kuu, ndipo uchague. Mimi napenda kuchagua kwa dola badala ya kuhesabu vichwa vya fakitire. Tuseme jumla ni dola 480,000 na tunataka kuangalia fakitire 40: kila hatua inakuwa dola 12,000. Namba ya kuanzia tunaipata kwa bahati nasibu, tuseme 7,350. Tunajumlisha orodha kutoka juu kushuka. Fakitire iliyobeba dola ya 7,350 imechaguliwa, halafu iliyobeba ya 19,350, ya 31,350, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kwa njia hiyo fakitire ya dola 12,000 na zaidi haiwezi kuponyoka, na ndogo nazo zina nafasi kulingana na ukubwa wao. Hakuna anayejua mapema itakayoitwa.

Hapo ndipo maneno yanaanza. "Papa, bordero ya hii haiko. Kamata tu fakitire ingine." Nakataa, na watu wananiona mkali. Fakitire isiyo na bordero, ile karatasi ya kupokelea mali, huenda ndiyo yenye shida. Ukiibadilisha umejifunga macho mwenyewe. Tafuta uthibitisho mwingine wa kwamba mali ilifika. Ukikosa kabisa, iandike kuwa kosa.

Sasa tufuate moja mpaka mwisho. Fakitire ya simenti: mifuko 600 kwa dola 12, yaani 7,200, ongeza TVA ya asilimia 16, 1,152, jumla 8,352. Bon ya komande inasema mifuko 600, bei 12, na ilitiwa sahihi siku kadhaa kabla ya fakitire. Tarehe naziangalia sana, maana bon iliyoandikwa baada ya fakitire ni karatasi ya kufunika jambo lililokwisha kufanyika. Hapa tarehe ni nzuri. Taarifa ya benki, ile iliyotoka benki yenyewe na si nakala ya amri ya kulipa, inaonyesha dola 8,352 zimetoka kwenda kwenye akaunti ya mtoa mali yule yule.

Kontabule aliishia hapo: komande 600, fakitire 600, lipa. Lakini kwenye bordero, chini ya namba 600 iliyochapwa, magazinye alikuwa ameandika kwa kalamu: "540 nzuri, 60 zimepasuka, zimerudi na kamiyo." Nikaenda depo kuangalia fishi ya stoki: siku hiyo iliingia 540. Daftari la zamu getini nalo lilionyesha kamiyo ikitoka na mifuko. Magazinye alifanya kazi yake sawasawa. Kosa ni kwamba bordero ilibaki depo, na hakuna aliyeiweka kando ya fakitire kabla ya kulipa. Mtoa mali hakuleta hati ya kupunguza deni, na hakuna aliyemdai.

Hasara ni mifuko 60 kwa dola 12, pamoja na TVA: dola 835.20. Bosi atasema ni kidogo. Lakini hiyo ni sehemu ya kumi ya fakitire ile, na fakitire ile ilisimama kwa niaba ya dola 12,000. Makadirio ya kosa kwa kundi lake ni dola 1,200, na hizo ndizo tunazojumlisha na makosa mengine tuliyoyapata, kisha tunalinganisha na kiwango cha kosa tunachoweza kuvumilia, tulichokiweka mwanzoni. Kurudishiwa 835 na kufunga mjadala hakutoshi, kwa sababu bordero za wengine nazo zinalala depo.

Njia hii ina upofu wake. Ukianzia kwenye daftari unaweza kugundua fakitire ya uongo, lakini huwezi kuona deni ambalo halikuandikwa kabisa. Kwa hilo inabidi ugeuke: uchague bordero za Desemba kule depo, upande nazo mpaka kwenye fakitire na daftari. Mali iliyoingia tarehe 29 na fakitire ikaja Januari ni deni la mwaka uliopita, hata kama hakuna karatasi iliyofika ofisini. Na kama mnunuzi amepatana na mtoa mali kupandisha bei tangu kwenye komande, karatasi zote zitakubaliana vizuri sana. Hapo dawa ni kuuliza bei kwa wauzaji wengine mjini.