Mshahara ukiingia nanunua, chati sisubiri

Kwa muda mrefu nilikuwa na kanuni moja ya kuingia soko la hisa. Wastani wa bei wa siku 50 ukipanda juu ya wastani wa siku 200, nanunua. Ukishuka chini yake, mshahara unakaa benki hadi ishara irudi. Nimeiacha, na mwaka ulionifanya niiache ni 2020.

Fahirisi ya S&P 500 inayopima bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani ilifika chini kabisa tarehe 23 Machi, ikafunga karibu 2,237. Ishara ya kukaa nje ilitokea siku chache baadaye, bei zikiwa tayari zinapanda. Ishara ya kununua ilikuja Julai, fahirisi ikiwa karibu 3,150. Chati haikuharibika. Wastani wa siku 200 za soko umebeba bei za zaidi ya miezi tisa, kwa hiyo hauwezi kugeuka upesi.

Sasa mchukue mtu aliyenunua vipande vya mfuko unaofuata fahirisi hiyo kila mwisho wa mwezi kwa kiasi kilekile, kuanzia Machi hadi Juni. Alinunua kwa takriban 2,585, kisha 2,912, 3,044 na 3,100. Kwa kuwa kiasi kilekile hununua vipande vingi zaidi bei inapokuwa chini, wastani wake ulikuwa karibu 2,896. Aliyelimbikiza mishahara hiyo minne akaitumia yote Julai alipata vipande pungufu kwa takriban asilimia 8.

Haki ya upande wa pili niitaje, maana ni kubwa. Ishara hiyohiyo ilimwambia mtu akae nje mwishoni mwa 2007, fahirisi ikikaribia 1,500, ikamrudisha Juni 2009 ikiwa karibu 900. Hapo msubiriji alimshinda mnunuzi wa kila mwezi, tena kwa mbali. Lakini tazama alichotakiwa kufanya: akae mwaka mmoja na nusu huku akiba ikikua bila kuigusa kwa shida yoyote ya nyumbani, kisha aingize mishahara kama kumi na minane kwa mkupuo, katikati ya habari za watu kufukuzwa kazi. Mimi nisingeweza. Hata 2020 ishara ilipokuja niliona bei imeshakuwa ghali, nikasubiri ishuke kidogo. Haikushuka kwa kiasi nilichotaka.

Ndiyo maana naamini kanuni ya ishara inamfaa zaidi mwenye fungu kubwa tayari mkononi, anayeogopa kuliingiza lote siku mbaya. Fungu la mwenye mshahara bado halijafika. Linakuja kidogo kidogo, na kosa la mwezi mmoja ni dogo.

Agizo langu sasa linajituma lenyewe siku inayofuata mshahara, baada ya kutenga akiba ya dharura. Kitu kimoja tu hunifanya nichelewe: ada isiyobadilika kwa kila ununuzi. Ikizidi asilimia 1 ya kiasi ninachoweka, naunganisha miezi miwili.