Wagonjwa wawili, kura mbili

Oktoba 2024, Naibu Rais wa Kenya Rigathi Gachagua alipobanduliwa, wenzangu kazini hapa Uingereza waliniuliza: kwa hiyo bunge lenu halikuwa na imani naye? Nikasema hapana, lilimshtaki. Wakaona ninacheza na maneno. Kosa si lao tu, kwani hata Wakenya wengi huyaita yote mawili kura ya kutokuwa na imani.

Hapa, waziri mkuu hahitaji kuwa na kosa. Tarehe 28 Machi 1979 serikali ya James Callaghan iliangushwa kwa kura 311 dhidi ya 310. Hakuna aliyesoma mashtaka wala kuita shahidi. Bunge lilisema tu kwamba halimtaki tena. Mbunge wa chama chake, Alfred Broughton, alikuwa mahututi nyumbani, na Callaghan akakataa aletwe. Angefika, kura zingelingana, na kwa desturi Spika angeiokoa serikali.

Kwetu hesabu ni nyingine. Katiba inataka thuluthi mbili ya wabunge wote, si ya waliopiga kura. Kati ya wabunge 349, zinahitajika kura 233, kwa hiyo anayebaki nyumbani ni sawa na aliyesema la. Hata hivyo, kura moja ya mgonjwa haingeamua lolote tarehe 8 Oktoba: 282 waliunga mkono hoja ya kumbandua Gachagua, 44 wakapinga.

Na hapo hakuwa ameondoka bado. Bunge la Taifa hushtaki tu. Seneti ndiyo husikiliza, na lazima kuwe na sababu, kama vile ukiukaji mkubwa wa Katiba, uhalifu au utovu mkubwa wa nidhamu. Maseneta walipiga kura kwa kila shtaka peke yake. Kati ya 11, matano yalipita, likiwemo la kuchochea migawanyiko ya kikabila. Yale ya kujilimbikizia mali yakaanguka. Moja tu lingetosha kumwondoa.

Lakini tarehe 17 Oktoba, siku aliyotarajiwa kujitetea, mawakili wake walisema amelazwa hospitalini. Seneti ikaendelea bila yeye, usiku ule ule ikamtoa. Hapo ndipo ninapokwaruzana na ndugu zangu wa nyumbani, wanaosema wingi wa kura unatosha. London ungetosha, maana hakuna anayehukumiwa. Ukishamwita mtu mshtakiwa, ugonjwa wake unakuwa jambo la haki ya kusikilizwa, na hilo linaweza kumpeleka mahakamani kupinga. Callaghan hakuwa na la kupinga. Aliitisha uchaguzi, akakiongoza chama chake mwenyewe, akashindwa tarehe 3 Mei, na bado watu wa jimbo lake wakamrudisha bungeni.