Usilaumu bando: simu yako imekosa wa kumuuliza

Ukurasa ukigoma na kuandika kwamba seva haikupatikana, watu wengi hukimbilia kuangalia salio. Bando likiwapo, simu inazimwa na kuwashwa, na wengine hufikia kuifuta yote ianze upya. Kwa maoni yangu, kama mwenye simu aliwahi kufuata ushauri wa kuzuia matangazo kwa DNS, pa kuanzia ni mpangilio mmoja tu: DNS ya Faragha, au Private DNS kama menyu yako ni ya Kiingereza.

Simu haijui bbc.com iko wapi. Kabla ya kufungua ukurasa huuliza seva ya DNS, nayo hurudisha namba za anwani. Jibu lisipokuja, hakuna pa kwenda, hata kama intaneti yenyewe ni nzima kabisa. Kwa kawaida anayeulizwa hupangwa na mtandao ulioungana nao: ukiingia kwenye waifai, ruta inakukabidhi anwani ya DNS pamoja na anwani yako.

DNS ya Faragha, iliyokuja na Android 9 mwaka 2018, inaupita mpango huo. Ukiandika jina la mtoa huduma, mathalani dns.adguard-dns.com linalozuia matangazo, maswali yote yanakwenda kwake yakiwa yamefungwa kwa siri, kupitia mlango namba 853. Kwenye bando mambo yanakwenda vizuri kwa miezi, mwenye simu akasahau kwamba aliandika kitu. Siku anaingia kwenye waifai ya hoteli au ofisi ambayo imefunga mlango huo. Alama ya waifai imejaa, simu ya jirani inafungua kila kitu, ya kwake haifungui hata ukurasa mmoja. Android haitamrudisha kimyakimya kwenye DNS ya ruta, na sioni kosa hapo: aliagiza faragha, na simu inashika agizo. Kosa ni la wanaogawa ushauri huo bila kutaja upande huu.

Dalili yake ni ujumbe kwamba seva ya DNS ya faragha haiwezi kufikiwa. Fungua Mipangilio, Mtandao na intaneti, kisha DNS ya Faragha. Kwenye Samsung imejificha chini ya Connections, More connection settings. Weka Otomatiki: simu itajaribu njia ya siri, ikishindikana itauliza kwa njia ya kawaida. Wengi wetu hatuhitaji zaidi ya hapo. Ukitaka kubaki na jina, likague herufi kwa herufi, na usihangaike kuandika 8.8.8.8 humo, maana sehemu hiyo inataka jina, si namba.

Kama simu zote za nyumbani zimegoma kwa pamoja, achana na simu, tazama ruta. Kwenye kompyuta ya Windows iliyo kwenye waifai hiyohiyo, fungua Command Prompt uandike:

```
nslookup bbc.com
nslookup bbc.com 8.8.8.8
```

Amri ya kwanza inamuuliza yule aliyepangwa na ruta, ya pili inamuuliza Google moja kwa moja. Ya kwanza ikisema `DNS request timed out` na ya pili ikaleta namba, basi DNS iliyoandikwa kwenye ruta ndiyo mbovu. Zote mbili zikisema `Non-existent domain`, usiguse ruta: umejibiwa, na jibu ni kwamba jina hilo halipo. Pengine umekosea herufi. Kwenye Chrome jibu kama hilo kwa kawaida huonekana kama `DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN`.

Ukiingia kwenye ruta, mara nyingi kwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1, tafuta DNS kwenye sehemu ya WAN, yaani upande wa intaneti, na ile ya DHCP, inayogawa anwani kwa simu na kompyuta za nyumbani. Ukikuta namba usizozijua, zishuku. Wahalifu wa programu hasidi ya DNSChanger walibadilisha DNS za kompyuta na hata za ruta zilizobaki na nywila ya kiwandani. Walipokamatwa mwaka 2011 ziliwekwa seva safi za muda badala ya zao, na zilipozimwa tarehe 9 Julai 2012, waliokuwa bado wameambukizwa wakabaki bila wa kumuuliza.

Andika 1.1.1.1 kwanza na 8.8.8.8 ya pili, ubadilishe na nywila ya ruta. Ya pili ni akiba ya wakati ya kwanza iko kimya. Haisahihishi jibu la uongo. Ukishahifadhi, zima waifai ya simu uiwashe tena, kwa sababu simu hushikilia DNS iliyopewa ilipoungana, na bila hivyo utadhani umebadilisha bure.