Milango ya Lamu, fremu za Malindi: kujitengenezea au kuagiza?

Karakana ya milango ya nakshi Lamu ikipata oda ya milango 20 ya nyumba mpya ya wageni kule Shela, mabishano huanzia kwenye fremu. Nakshi za mfaa na kizingiti hakuna anayewaza kuziagiza nje, maana hizo ndizo mteja anazolipia. Fremu ni mbao zilizopigwa randa na kuungwa kwa ulimi na tundu, na karakana yenye mashine kubwa Malindi itazitoa haraka.

Tuchukue bei za mfano. Daftari la karakana linasema fremu moja inagharimu shilingi 9,500: mbao 5,000, ujira wa fundi wa siku moja 2,000, umeme na kunoa visu 500, na fungu la kodi na uchakavu wa mashine 2,000. Malindi wanataka 8,200. Mwenye haraka ataagiza na kujipongeza kwa kuokoa 1,300.

Daftari hapo linadanganya. Ukiagiza, mwenye jengo hatakupunguzia kodi, na mashine yako itaendelea kuzeeka pembeni. Kinachookolewa ni 7,500 tu. Kisha fremu za Malindi zipande lori hadi Mokowe, zivuke kwa mashua, zipokewe na wapagazi. Weka 600 kwa kila moja, na bei inafika 8,800. Badala ya kuokoa 1,300, umepoteza 1,300, na kwa milango 20 ni 26,000.

Hesabu hiyo ni sahihi ikiwa anayetengeneza fremu ni kibarua ambaye usipomwita humlipi. Lakini karakana nyingi ndogo humtoa mchongaji kwenye nakshi ili apige randa. Mchongaji huyo utamlipa 2,000 zake hata fremu zikitoka Malindi, kwa hiyo kuagiza kunaokoa 5,500 peke yake na kunakugharimu 3,300 zaidi kwa kila fremu. Swali linakuwa: siku aliyookoa itakuingizia nini? Kama kuna wateja wanaosubiri, na siku moja ya nakshi inaacha 4,500 baada ya kutoa mbao, basi kuagiza kunakuletea faida ya 1,200 kwa fremu. Kama hakuna oda inayosubiri, mchongaji atakaa barazani na umetupa 3,300. Kwa hiyo mimi ningetazama kwanza foleni ya wateja, ndipo nisome bei ya Malindi.

Upande wa ubora, mashine kubwa kweli hutoa mbao zenye unene mmoja, na milango 20 ikifanana hata bawaba zinatobolewa kwa kipimo kimoja. Ila faida hiyo ni ya jengo jipya. Kwenye nyumba za mawe za Mji wa Kale, ambako kuta za matumbawe na chokaa hazina pembe mraba, kila uwazi una kipimo chake. Hapo fremu ya kuagiza itakatwa na kuongezwa vipande mpaka bei yake isijulikane. Kazi ya nyumba hizo nisingeitoa nje hata kwa bei ya bure.

Kinachotoka mikononi mwako zaidi ni ukavu wa mbao. Ubao ukikaa katika hewa ya pwani hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 au 15 hivi. Ukiungwa ungali mbichi, hunywea, ulimi ukalegea ndani ya tundu, na mlango ukaanza kuburura chini. Ukikaushwa kupita kiasi kwenye tanuri, huvimba na mlango ukakaba. Kwa macho hutajua. Nunua kipima unyevu. Ukipokea fremu, pima kona kwa kona pande zote mbili: vipimo visipolingana, haiko mraba. Kisha vuta nyuzi mbili kutoka kona hadi kona. Zisipogusana katikati, au mmoja ukiusukuma mwingine, fremu imejipinda. Kuirudisha Malindi kunakula faida ya fremu kadhaa.

Halafu kuna barabara. Mafuriko ya Mto Tana ya mwishoni mwa 2023 yaliikata njia ya Garsen, na mkataba wa kuchelewa hauwezi kumdai Mto Tana chochote. Oda yenye tarehe ngumu katika miezi ya mvua nisingeitegemeza kwenye njia hiyo.

Kwa Shela, basi, wachongaji wakiwa na foleni, ningeagiza fremu mbili kwanza, niziache karakanani wiki tatu, nizipime tena, ndipo nilipe malipo ya awali ya 18 zilizobaki. Malindi wangepata vipimo vya fremu tu, si michoro ya nakshi. Na mashine ya randa isingeuzwa, hata kama nafasi yake inatamaniwa: mwenye karakana ya Malindi akijua huna randa, oda ya pili haitakuwa 8,200.