Karoti mbichi haitoi rangi yake kirahisi

Kuna usemi unaonisumbua: kwamba mboga ikipita motoni, faida yake imekwisha. Kwa vitamini C usemi huo una ukweli, kwa sababu joto huiharibu na maji ya kuchemshia huondoka nayo. Lakini kwa karoti, ambayo watu huila hasa kwa ajili ya vitamini A, naona usemi huo unawapotosha, na wanaopotoshwa ni watu wanaojitahidi kula vizuri.

Karoti haina vitamini A yenyewe. Ina beta-karotini, ile rangi ya machungwa, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Rangi hiyo imekaa ndani ya seli kama chembe ngumu za fuwele, na seli yenyewe imezungukwa na ukuta ambao tumbo la binadamu haliwezi kuusaga. Ukitafuna karoti mbichi, meno hupasua baadhi ya seli tu. Vipande vinavyobaki hupita utumboni vikiwa vimefungwa kama vilivyoingia, na rangi iliyomo hutoka navyo.

Ukitaka kuona ukubwa wa tatizo, chukua gramu 100 za karoti. Zina takriban miligramu 8 za beta-karotini, yaani mikrogramu 8,000. Beta-karotini ikiwa imeshayeyushwa kwenye mafuta, mikrogramu 2 hutosha kumpa mtu mikrogramu 1 ya vitamini A. Ikiwa bado imo ndani ya chakula, wataalamu wa lishe tangu 2001 hukadiria kwamba zinahitajika 12. Kwa hiyo karoti hiyo hiyo ingetoa 4,000 kwa hesabu ya kwanza, lakini kwa hesabu ya pili inatoa karibu 670 tu. Na hiyo 12 ni wastani wa milo mchanganyiko. Haielezi kila sahani. Karoti iliyotafunwa haraka ikiwa mbichi hutoa kidogo kuliko iliyopikwa ikalainika na kupondwa, kwa sababu moto hulegeza ukuta wa seli na kuponda humalizia kazi.

Hata hivyo, kuipika peke yake hakutoshi. Beta-karotini haiyeyuki kwenye maji, na utumbo umejaa majimaji. Mafuta ya mlo ndiyo yanayoibeba: nyongo huyavunja kuwa matone madogo sana, rangi huingia humo, na matone hayo ndiyo yanayofika kwenye ukuta wa utumbo na kupita. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, waliwapa watu saladi yenye spinachi, nyanya ndogo na karoti. Walipoila na mchuzi wa saladi usio na mafuta kabisa, rangi hizo hazikuonekana kwenye damu yao ila kwa kiasi kisicho na maana. Mchuzi wenye mafuta ulipotumika, zilionekana. Ndiyo maana saladi isiyo na tone la mafuta, inayosifiwa sana na wanaopunguza uzito, mimi siipendekezi. Hakuna haja ya kuogelesha chakula: kijiko kimoja cha chai, kama gramu 4 hadi 5, kinaleta tofauti, na si lazima kiwe ndani ya karoti. Kikiwa kwenye chakula kingine cha mlo huo huo, kinafanya kazi.

Nyanya hufuata njia hiyo hiyo. Rangi yake nyekundu, likopini, haigeuki kuwa vitamini A, lakini nayo hufyonzwa vizuri zaidi kutoka kwenye nyanya iliyopikwa na mafuta, hata ile ya kopo, kuliko kutoka kwenye nyanya mbichi.

Spinachi ndiyo inayonifanya nisitoe amri moja kwa mboga zote. Kuichemsha hulegeza rangi zake na pia huondoa sehemu ya oksaleti, asidi inayoikamata kalsiamu yake isifyonzwe. Lakini maji hayo hayo huchukua foleti, mojawapo ya vitamini B, na inaweza kupotea karibu nusu. Kwa mama mjamzito, anayeihitaji sana foleti, ningechagua kuipika kwa mvuke kwa dakika chache. Anayeambiwa na daktari wake apunguze oksaleti kwa sababu ya mawe kwenye figo, aichemshe kwenye maji mengi na kuyamwaga.

Jikoni, ishara ya kuangalia ni rangi. Karoti ikichemshwa, maji hubaki karibu meupe, kwa sababu beta-karotini haikutoka. Zikaange taratibu na mafuta kidogo, kisha inamisha sufuria: mafuta yanayokusanyika pembeni yatakuwa ya machungwa. Hiyo ndiyo beta-karotini iliyokwisha toka kwenye seli, kwa hiyo mafuta hayo yasibaki sufuriani. Yamwagie juu ya chakula.