Samahani Isiyoahidi Kutambua Kifaa

"Kwani kuna ubaya gani jibu likiomba radhi na kusema litakuwa linatambua kifaa vizuri zaidi? Mtumiaji ameudhika, anataka kuona kwamba ameeleweka."

Aliyeniuliza hivyo ni mwenzangu katika kazi ya kukagua majibu ya modeli za lugha, yaani mifumo ya akili bandia inayojibu watu kwa maandishi. Tulikuwa tunabishania mazungumzo mafupi. Mtu aliandika kwamba Wi-Fi imegoma kuunganisha. Modeli ikampa hatua za simu ya Android: aingie kwenye mipangilio na kuweka upya mipangilio ya mtandao. Kumbe iliyogoma ilikuwa laptop yake ya Windows, na simu alikuwa anaandikia tu kwa sababu ndiyo iliyobaki na intaneti. Akarudi kwa ukali kidogo: hizo ni za simu, mimi naongelea laptop, uwe unatambua kifaa kabla ya kujibu. Jibu lililofuata likaomba radhi, likaahidi kwamba kuanzia hapo kifaa kitatambuliwa kwa usahihi, kisha likatoa hatua za Windows. Hatua zenyewe zilikuwa sawa. Tulichogombania ni ile ahadi.

Hoja ya mwenzangu ina uzito. Mtu aliyepotezewa muda hataki kusomeshwa jinsi mitambo inavyofanya kazi. Samahani iliyojaa maelezo ya "siwezi hiki, siwezi kile" husomeka kama kujitetea, na wengi hufunga mazungumzo hapo hapo. Kuna pia programu ambazo kweli huipa modeli taarifa za kifaa, kwa hiyo kukana moja kwa moja nako kunaweza kuwa uongo. Hayo nayakubali yote, na bado ahadi ile siikubali.

Kinachoifikia modeli ya lugha ni maandishi: ujumbe wa mtumiaji, yaliyotangulia katika mazungumzo, na maelekezo ambayo programu imeyaweka nyuma ya pazia. Kama maelekezo hayo hayakutaja kifaa, ujumbe "Wi-Fi haiunganishi" ulioandikwa kwenye simu na ule ulioandikwa kwenye laptop unafika ukiwa uleule, herufi kwa herufi. Hakuna umakini unaoweza kutofautisha vitu viwili vilivyofika vikiwa kitu kimoja. Modeli inaweza kukisia kwa dalili, na mara nyingi inapatia: aliyebandika njia ya faili inayoanza na `C:\Users\` huenda yuko Windows, na aliyetaja amri ya `apt` huenda yuko kwenye Linux ya aina ya Debian au Ubuntu. Lakini huko ni kukisia, na huwezi kumwahidi mtu usahihi wa kitu unachokikisia.

Tuseme sasa programu inaipa modeli utambulisho ambao kivinjari hutuma kwa seva, yaani User-Agent. Hapo ndipo wengi hudhani tatizo limekwisha. Tazama huu wa Chrome kwenye simu:

```
Mozilla/5.0 (Linux; Android 10; K) AppleWebKit/537.36 (KHTML, like Gecko) Chrome/124.0.0.0 Mobile Safari/537.36
```

Ukiusoma utasema simu ni Android 10, aina ya K. Siyo hivyo. Chrome ilipunguza taarifa hizi kwa makusudi ili kulinda faragha, na sasa huandika "Android 10, K" hata kama simu ina Android 14 na imetengenezwa na kampuni yoyote ile. Windows 11 nayo hujitambulisha humo kama `Windows NT 10.0`, sawasawa na Windows 10. iPad, tangu iPadOS 13 ya mwaka 2019, kwa kawaida huomba kurasa za kompyuta na kujitambulisha kama Mac. Zipo njia mpya za seva kukiomba kivinjari taarifa zaidi, lakini Safari na Firefox hazizitumii. Kwa hiyo hata programu inayojitahidi hubaki na picha yenye ukungu, na mara nyingi ukungu huo umewekwa kwa hiari.

Halafu rudi kwa mtu wetu wa Wi-Fi, maana kisa chake kinaonyesha jambo ambalo naliona zito kuliko yote hayo. Kama modeli ingetambua kifaa chake bila kosa hata kidogo, ingetambua simu, na ingempa hatua zilezile za simu zilizomuudhi. Alichohitaji ni kueleweka anaongelea kifaa gani, na hilo halimo kwenye kivinjari wala kwenye seva. Limo kichwani mwake mpaka aliseme. Mtu anayeuliza kwa niaba ya mzazi wake aliye mbali, au fundi mwenye kompyuta ya mteja mezani, yuko katika hali hiyo hiyo. Ahadi ya kutambua kifaa ingetimizwa kikamilifu na bado kosa lingejirudia.

Madhara huja siku inayofuata. Aliyeahidiwa huacha kutaja kifaa, kwa sababu ameambiwa hahitaji tena. Ataandika "nifute vipi mipangilio ya mtandao" na kufuata atakachopewa. Kwenye Windows 10, `Network reset` iko chini ya `Status`. Kwenye Windows 11 iko chini ya `Advanced network settings`. Akipewa ya toleo lisilo lake atapoteza dakika chache tu. Akipewa ya Android akaifuata kwenye simu, mitandao ya Wi-Fi aliyoihifadhi na vifaa vya Bluetooth alivyoviunganisha vitafutika kwenye kifaa pekee kilichokuwa kinafanya kazi. Kabla ya ahadi, angekuwa na tahadhari yake mwenyewe ya kusema "ni laptop". Ahadi ndiyo iliyomnyang'anya tahadhari hiyo.

Jibu ambalo mimi ningelipitisha lina sentensi tatu kabla ya hatua. Linakiri kwamba lilitoa hatua za simu ilhali shida iko kwenye laptop. Linasema kwamba katika ujumbe wake hapakuwa na taarifa ya kifaa, hivyo lilikisia. Linasema kwamba katika mazungumzo haya litaendelea na Windows, na linauliza kama ni 10 au 11. Hiyo ya mwisho nayo ni ahadi, ila inatimizika, kwa kuwa neno Windows limeshaandikwa na linabaki mbele ya modeli mazungumzo yakiendelea. Mwenzangu aliposoma rasimu hiyo alikubali kwamba haina ubaridi aliouogopa, ingawa bado anaona sentensi ya pili ingeweza kuachwa. Mimi naishikilia, kwa sababu ndiyo inayomfundisha mtu aandike nini safari ijayo.

Sitaki hata hivyo tuhamie upande wa pili, modeli iulize kifaa kwa kila swali. Pale ambapo hatua hazifuti kitu, ni afadhali kutoa za Windows na za simu kwa pamoja, kila moja na kichwa chake, kuliko kumrudisha mtu kwa swali. Kuuliza kwanza nakuweka kwenye hatua zinazofuta au kuweka upya. Na programu ikiwa na kumbukumbu ya kudumu, jibu linaweza kusema kwamba laptop ya Windows imehifadhiwa, mradi kweli imehifadhiwa na mtumiaji anaweza kuiona na kuifuta. Hata hapo, kilichohifadhiwa ni kile alichokisema mwenyewe, na akinunua Mac kesho itabidi aseme tena.